Kahawa wakati wa mimba na kunyonyesha: tuhesabu vijiko, si vikombe

Wanakoperative, kahawa yetu si ya kuuza tu. Wengi tunaikaanga, tunaitwanga na kuikunywa nyumbani. Mama mwenye mimba halazimishwi kuiacha kabisa, lakini iko na kipimo. Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mama mwenye mimba anayepitisha miligrama 300 za kafeini kwa siku apunguze, juu kafeini nyingi inaweza kuongeza hatari ya mimba kutoka ao mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Shirika la Ulaya la usalama wa chakula linasema isipite 200, kwa mwenye mimba na kwa mwenye kunyonyesha pia. Hapa tunafuata 200.

Kuhesabu

Kikombe kinadanganya, kwani kila nyumba iko na kikombe chake. Tuhesabu unga. Kijiko kikubwa cha mezani, kisichojaa kupita kiasi, kinabeba karibu gramu 5. Kama ni arabika, ile ya milimani, hiyo inatoa karibu miligrama 60. Robusta, ile ya mabonde yenye joto, inatoa karibu mara mbili. Basi kwa siku: arabika vijiko 3, robusta kijiko 1 na nusu. Maziwa na sukari havipunguzi kafeini. Chai nayo inahesabiwa: ukikunywa vikombe 2, ondoa kijiko kimoja cha arabika.

Kupunguza pole pole

Tuseme mama anakunywa vikombe 3 vya arabika, kila kimoja vijiko 2. Ni vijiko 6, karibu miligrama 360. Akikata mara moja, kichwa kinaweza kumuuma kesho yake na kuendelea siku kadhaa. Afanye hivi:

- Siku 1 mpaka 4: vijiko 5. Anaanza kupunguza kikombe cha magaribi, ili alale vizuri.
- Siku 5 mpaka 8: vijiko 4.
- Kuanzia siku 9: vijiko 3, kijiko kimoja kwa kila kikombe.

Kichwa kikiuma kidogo, abaki siku mbili zaidi kwenye kipimo kilekile. Lakini kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu ao uso na mikono vikivimba, asiseme ni kahawa. Aende sentri ya afya siku hiyohiyo wapime tansyo, juu hizo ni dalili za hatari kwa mimba.

Kwa mama anayenyonyesha

Kafeini kidogo inapita katika maziwa. Mwili wa mtoto mchanga unachukua siku kadhaa kuitoa, kwa hiyo inajikusanya. Mtoto akikosa usingizi na kuhangaika bila homa, punguza kahawa kwa wiki moja, uangalie kama anatulia. Na kikombe chako ukikunywe mara tu baada ya kunyonyesha, si mbele.