Elimu ya Fedha: Faida Halisi ya Akiba

Mwaka 1993 bei za bidhaa nchini Kenya zilipanda kwa takriban asilimia 46. Tuseme mfugaji wa Isiolo aliuza mbuzi, akaweka shilingi 10,000 kwa riba ya asilimia 60 kwa mwaka. Akitoa 46 kwenye 60, atadhani amefaidi asilimia 14.

Hebu tupime kwa unga. Mwanzoni kilo ni shilingi 10. Fedha zake zinanunua kilo 1,000. Mwisho wa mwaka ana shilingi 16,000, lakini kilo ni 14.60. Anapata kilo 1,096. Faida halisi ni asilimia 9.6 tu, kwa kuwa hata riba hulipwa kwa shilingi zilizopungua nguvu.

Kanuni: (1 + riba) ÷ (1 + mfumuko wa bei) − 1. Mfumuko ukiwa mdogo, kutoa hukaribia jibu hili.