Miezi mitatu baada ya onyo, nimuulize mlalamikaji nini?

Swali: Msimamizi wa jikoni hotelini kwetu alipewa onyo la maandishi kwa kumwita mhudumu majina ya kimapenzi na kumzibia njia mlangoni mwa stoo. Miezi mitatu imepita, hakuna lalamiko jipya. Nifunge faili?

Jibu: Usilifunge bado. Kwanza pitia ratiba ya zamu uhesabu siku ambazo wawili hao wamefanya kazi pamoja. Kama mhudumu alihamishiwa asubuhi na msimamizi yuko usiku, ukimya huo hauthibitishi chochote, maana hawajakutana.

Kisha zungumza na mhudumu peke yake, mbali na jikoni. Ukimuuliza kama mambo ni sawa, atajibu "sawa tu", ndivyo tulivyozoea. Rudi kwenye lalamiko lake umuulize tendo kwa tendo: bado anakuita majina yale? Bado anakuzibia njia mlangoni mwa stoo? Muulize pia kama sasa kuna mwingine anayefanyiwa hayo, hasa mfanyakazi mpya.

Linganisha saa za ziada na ruhusa ambazo mhudumu alipata kabla na baada ya kulalamika. Zikiwa zimepungua bila sababu ya kikazi, huenda analipiziwa kisasi, na hilo lifungulie uchunguzi tofauti. Majibu yaandike kwa maneno yake mwenyewe, ayasome, atie saini.