Kipandauso au Kichwa cha Mkazo?

Mwenye kichwa cha mkazo hulalamika huku akiendelea kusonga ugali. Mwenye kipandauso huepua sufuria, akashusha pazia na kujilaza. Mwenendo huo hueleza mengi kuliko kuuliza maumivu yako upande gani. Kipandauso mara nyingi hushika upande mmoja, lakini wako wanaoumwa pande zote mbili, hasa watoto.

Kichwa cha mkazo hubana, kama mtu aliyefungwa kitambaa kwa nguvu kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni. Hudumu nusu saa au hata siku 7, lakini hakitapishi, na kutembea hakukizidishi. Kipandauso hupwita. Ukiinama kuchota maji, kinazidi. Kisipotibiwa hukaa saa 4 hadi 72, tena huja na kichefuchefu au kutapika, na mgonjwa havumilii mwanga wala kelele.

Baadhi ya wagonjwa wa kipandauso hutanguliwa na vimulimuli machoni au ganzi inayosambaa polepole mkononi, kwa muda wa dakika 5 hadi 60. Ukipata hali hiyo kwa mara ya kwanza nenda hospitali, kwa kuwa kiharusi nacho huweza kuanza kwa ganzi. Mwanamke mwenye dalili hizo amweleze mhudumu wa afya kabla ya kupewa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, maana kwake huongeza hatari ya kiharusi.

Sasa tuchukue mfano wa fundi cherehani wa miaka 32 anayesema kichwa kinamuuma "kila siku". Ameshauriwa aandike kwenye kalenda ya ukutani: herufi M siku kichwa kinapobana, K siku anapolazimika kulala, na alama ya mkato kwa kila siku aliyomeza dawa. Baada ya miezi miwili kalenda inasema yenyewe. Herufi M zimejaa wiki za kushona sare za shule, anapoinamia cherehani hadi usiku. K ziko chache, siku moja au mbili kabla ya hedhi, na mbaya zaidi ni ile ya siku aliyoruka chakula cha mchana. Kumbe ana vyote viwili, jambo ambalo ni la kawaida.

Lakini alama za mkato ndizo zinazoshtua: siku 18 kwa mwezi, zote za vidonge vya maumivu vilivyochanganywa na kafeini, kutoka duka la dawa la jirani. Dawa ikizidi, yenyewe huleta kichwa. Vidonge vya mchanganyiko visifike siku 10 kwa mwezi, na parasetamoli au ibuprofeni peke yake visifike siku 15. Anapoacha, kichwa huweza kumsumbua zaidi kwa siku kadhaa kabla ya kutulia, na hapo ndipo wengi hurudi dukani. Ni vyema aache akiwa na mhudumu wa afya wa kumfuatilia.

Kwa siku za M, tiba inaanzia kwenye kiti. Apandishe kiti au meza ili asikunje shingo, ainuke kila saa kujinyoosha, na aweke kitambaa cha uvuguvugu shingoni. Pakihitajika, mtu mzima hunywa parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500, asizidishe 8 kwa saa 24.

Kwa siku za K, kungoja "nione kama kitazidi" ni kosa, kwani tumbo likishachafuka dawa haifyonzwi vizuri. Anywe mapema, kinapoanza tu: parasetamoli kwa kipimo kilekile, au ibuprofeni miligramu 400 akiwa amekula kitu. Ibuprofeni haimfai mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mwenye pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo. Kisha alale kwenye giza na utulivu, kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, akinywa maji kidogo kidogo. Siku nyingine ale na kulala kwa saa zilezile, hata za mapumziko. Kulala kupita kiasi nako huamsha kipandauso.

Kichwa chenye homa si cha kubahatisha kwa kalenda: pima malaria. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja kichwa kikilipuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja, shingo ikikakamaa, kiungo kikilegea, ulimi ukiwa mzito, akipata degedege, au kikianza baada ya kugonga kichwa. Mjamzito aliyevuka wiki 20 mwenye kichwa kikali au macho yenye ukungu apimwe shinikizo la damu siku hiyohiyo. Aliyevuka miaka 50 na kupata kichwa cha aina asiyoizoea naye aende akapimwe, hata kama maumivu si makali.