Mkopo wa Hazina kwa Chama Chenu: Gharama Ni Ndogo, Masharti Ni ya Kikundi

Wateja wetu wengi walio kwenye vyama hutuuliza swali moja: kati ya pesa za serikali za vikundi na mkopo wa kibiashara wa simu, ni upi unafaa? Hazina ziko kadhaa, kama vile Hazina ya Vijana iliyoanza 2006, Hazina ya Wanawake ya 2007, na Uwezo iliyozinduliwa 2013. Leo tuangalie Uwezo, kwa sababu inapitia eneo bunge lenu na vijana na akina mama wote wanaweza kuomba.

Tofauti iko wapi?

Tuchukue mfano wa chama cha akina mama 10 pale Mundika, wanaouza omena, nyanya na mahindi katika soko la Busia. Wanataka shilingi 100,000.

Uwezo haitozi riba. Kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3, inayolipwa mara moja tu. Kwa mkopo huu, hiyo ni shilingi 3,000. Halafu kuna miezi 6 ya kwanza ambayo kikundi hakidaiwi malipo, ili mzigo ununuliwe, uuzwe na uzunguke.

Sasa linganisha na mkopo wa simu wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kila mama akikopa 10,000 zake, ada ni 750, na kwa wote 10 ni 7,500. Deni lote linatakiwa baada ya mwezi mmoja. Mkirudia mkopo huo mwezi wa pili, mnalipa 7,500 nyingine.

Lakini mkopo wa simu unaingia papo hapo. Wa hazina unapitia fomu, mafunzo na kamati, kwa hivyo usiusubiri kama una mgonjwa nyumbani au karo ya kesho. Pia, mkopo wa simu unakupima wewe peke yako. Hazina inapima kikundi, na deni ni la kikundi. Hapo ndipo vyama vingi huteleza.

Mwenzenu asipolipa

Tuseme chama chetu kimepanga kumaliza 100,000 ndani ya miezi 18 baada ya ile 6 ya mwanzo. Hiyo ni kama 5,556 kwa mwezi, yaani 556 kwa kila mmoja. Mwezi wa tatu wa kulipa, wawili wanakwama. Upungufu ni 1,112. Ni pesa kidogo, lakini kwenye rekodi ya hazina ni kikundi kizima kilicholipa pungufu. Mkiachilia hivyo, mkopo mkubwa wa baadaye unakuwa mgumu kupata, hata kwa wale wanane waliolipa.

Dawa yake inaanza ile miezi 6 ya kwanza. Kila mmoja akiweka 200 kwa mwezi, mtakuwa na 12,000 kabla ya malipo ya kwanza. Hizo zinatosha kulipia miezi miwili mizima. Anayekwama anafidiwa kutoka hapo, kisha anarudishia chama, na hazina inapata pesa yake kwa tarehe.

Mambo ya kuangalia ili msipoteze nafasi

*Cheti.* Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, na cheti hudumu miaka 2. Mtu akitoka mkabaki 9, ongezeni mwingine na mumjulishe afisa wa maendeleo ya jamii.

*Mahali na uraia.* Mnaomba katika eneo bunge mlipo. Chama cha Malaba kinaomba Teso Kaskazini, hakiwezi kuombea Matayos. Na kwa kuwa tuko mpakani, kumbuka pesa hizi ni za Wakenya. Rafiki wa upande wa Uganda anaweza kuwa mshirika wenu sokoni, lakini msimhesabu kwenye fomu.

*Michango.* Uwezo inataka kikundi kinachochanga kila mwezi. Msiache kuchanga mkishapata mkopo. Tumieni laini moja ya chama kupokea michango, na mweka hazina aandike kitabuni jina, tarehe na nambari ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa simu. Kitabu kikilingana na taarifa ya akaunti, hakuna wa kubishana.

*Anayelipwa.* Rejesheni mkopo kwa akaunti rasmi ya hazina pekee. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Fomu ni ya bure, kwa hivyo anayeomba "pesa ya chai" ili jina lenu lipite, au anayetaka mtume kwa nambari yake binafsi, msimtumie hata shilingi.

Kabla ya mkutano wenu ujao, chukueni cheti muangalie tarehe ya kuisha. Kama imebaki miezi michache, anzieni hapo kabla ya kujaza fomu.