SOMO: Urithi uliogawiwa zamani, na kiwanja kinachoonekana baadaye

Wakimbizi wengi wanauliza: urithi wa baba uligawiwa tukiwa mbali, je, haki yetu imekufa? Tuchukue mfano mmoja.

Baba alifariki Uvira mwaka 1998, akaacha mjane, watoto wanne, wazazi wake na ndugu zake. Mwaka 2003 nyumba iliuzwa, pesa zikagawiwa. Mwaka 2024 ikaonekana karatasi ya kiwanja chake kingine huko Baraka.

Kiwanja hicho hakivunji mgawanyo wa 2003. Kinaongezwa juu yake, na kinagawiwa kwa watu wale wale waliokuwa warithi siku baba alipofariki. Aliyekufa baadaye, sehemu yake inawaendea warithi wake. Kufuatana na Sheria ya Jamaa ya Kongo ya 1987, watoto wanapata robo tatu, kila mmoja sawasawa, wa kike na wa kiume. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu za marehemu, kila kundi sehemu moja ya 12 ya urithi wote. Kiwanja kikiuzwa dola 4.800, kila mtoto anapata 900, na mjane, wazazi na ndugu wanapata 400 kila kundi.

Sasa muda. Kwa jumla, sheria ya Kongo inazima madai baada ya miaka 30. Kwa usalama hesabu tangu siku ya kifo: hapa ni 2028. Kulalamika katika baraza la jamaa hakusimamishi hesabu. Kunaisimamisha shtaka mahakamani, au maandishi ambamo anayeshika kiwanja anakiri haki yako.

Lakini kuna muda mfupi zaidi, na ndio unaowapoteza watu. Mmoja wa ndugu akienda kuandikisha kiwanja kwa jina lake peke yake, cheti cha uandikishaji kinaweza kupingwa kwa miaka 2 tu. Ikipita, unaweza kudai fidia ya pesa, lakini kiwanja hakirudi. Kwa hiyo:

1. Mtume mtu unayemwamini aulize katika ofisi ya hati za viwanja: cheti kipo? Kwa jina la nani? Tangu tarehe gani?
2. Tafuteni cheti cha kifo na karatasi za mgawanyo wa kwanza.
3. Warithi wakutane na kumtambua mgawaji. Kwa kawaida ni mkubwa wao. Akikataa, wachague mwingine. Aliye kambini atume barua ya kumpa mtu uwezo wa kumsimamia.
4. Mgawaji apeleke jambo mahakamani, ili kiwanja kiandikwe kwa majina ya warithi wote kabla ya kuuzwa.

Maswali ya kujadiliana: Katika mfano huu, cheti kikiwa kimetolewa Machi 2025 kwa jina la kaka mmoja, wengine wana muda hadi lini? Na aliye kambini atajuaje mapema?