Podikasti ya Kiingereza kwa masikio ya Ngara na Biharamulo

Tuseme umekabidhiwa skripti ya Kiingereza ya kipindi kuhusu kuhifadhi maharage. Kina watangazaji wawili, na mdhamini anauza mifuko isiyopitisha hewa. Wasikilizaji wako ni wakulima wa Ngara na Biharamulo, watu wa redio hasa. Radio Kwizera ilianzia Ngara mwaka 1995. Mtu anayesoma karatasi wanamjua papo hapo.

Anza na utani, maana ndio unaoharibika upesi. Kando ya kila mzaha andika kazi yake, kisha uufute. Katika skripti hii kijana anamtania mwenzake kwamba amezeeka, halafu anamcheka kwa timu yake ya besiboli kufungwa. Kazi ya mzaha ni kuchangamsha kabla ya mada. Hapa kwetu kijana hamwambii dada yake hewani kuwa amezeeka, lakini mpira unaruhusu:

"Shikamoo dada. Mbona umepoa, au ni ile mechi ya Yanga?"
"Marahaba. Wee, niache! Tuongee maharage, hayo hayafungwi."
"Yanafungwa dada, tena vizuri. Kwenye mfuko."

Umeshaingia kwenye mada. Vile viitikio vya "ee" na "kweli" usiviandike. Waache watangazaji wazungumze mara moja bila karatasi, urekodi, kisha urekebishe skripti kwa walivyosema.

Kwenye tangazo la mdhamini, bei, tarehe ya mwisho na masharti havibadiliki. Mengine yaandike upya. Skripti inamtaka msikilizaji aingize neno HIFADHI10 kwenye tovuti ili apunguziwe bei. Mkulima wako huenda akanunua kwenye duka la pembejeo na kulipa kwa simu, hivyo muulize mdhamini kama punguzo linafika dukani. Kama halifiki, liseme wazi. Neno lenyewe lisomwe mara mbili: "hifadhi, halafu kumi kwa tarakimu." Ofa ikiisha saa 6 p.m., msomaji aone "saa kumi na mbili jioni". Na kama mtangazaji hajautumia mfuko, ondoa ile sentensi ya "mimi nautumia nyumbani". Mahali pake aeleze matumizi: kausha maharage vizuri, toa hewa, funga kila mfuko wa ndani peke yake, ndipo ufunge wa nje.

Urefu upime kwa saa, usihesabu maneno. Shilingi 5,500 kwenye karatasi ni fupi. Mdomoni ni "elfu tano na mia tano". Tangazo la sekunde 60 likifika 75, punguza sifa, masharti yabaki.

Maelezo ya kipindi yaandike mwisho, baada ya kuhariri sauti, kwa sababu sehemu iliyokuwa 12:40 sasa imehama. Simu huonyesha mistari michache tu ya mwanzo, kwa hiyo tanguliza swali la mkulima: "Maharage yanatobolewa na wadudu, ufanyeje?" Chini yake taja mdhamini kwa uwazi kuwa amelipia, na uweke namba yake ya simu pamoja na kiungo cha tovuti.