Kutoka dakika 5 hadi dakika 40: ekspoze moja juu ya upatanisho wa kisarufi

Katika fakulte yetu kila mwanafunzi hupitia ekspoze ya dakika 5. Unasimama mbele, unasoma kurasa zako, mwalimu anauliza swali moja au mawili, unakaa. Ekspoze yangu ilihusu upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili. Ilikuwa na dai moja: kitenzi hakifuati umbo la nomino peke yake; nomino ikitaja mtu au mnyama, kitenzi huchukua *a-* na *wa-*, hata kama nomino inaanza kwa *ki-*. Ndiyo maana tunasema *kiti kimeanguka* lakini *kijana ameanguka*.

Wiki mbili baadaye asistanti aliniita. Aliniomba nirudie somo hilo mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ila safari hii kwa dakika 40. Nilikubali haraka, maana nilifikiri kazi ni ndogo: dakika 5 mara 8. Nilichukua sarufi, nikaongeza ngeli zote, nikaongeza vivumishi, vimilikishi, vionyeshi na historia ya namba za ngeli. Nilipata kurasa 11.

Somo hilo la kwanza lilishindwa, na nilijua kwamba limeshindwa kabla halijaisha. Dakika za mwanzo wote walikuwa wakiandika. Kufikia dakika ya 15 kalamu zilikuwa zimelala. Nilipouliza, «Mmeelewa?», wote walijibu «Ndiyo», kwa sauti moja. Kisha nikaandika ubaoni *viongozi* na kuomba kitenzi, na nusu ya darasa wakasema *vimefika*. Dai lile moja, ambalo kwa dakika 5 lilikuwa wazi, nilikuwa nimelizika chini ya kurasa 11.

Asistanti hakunilaumu. Aliniuliza tu: «Katika dakika hizo 40, wao walifanya nini?» Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata alinipa kikundi kingine cha mwaka huo huo, nikaanza upya. Ninayoeleza hapa ni matayarisho ya mara hiyo ya pili.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuacha kuongeza mada. Dai lilibaki lile lile moja. Nilichukua karatasi ya ekspoze ya dakika 5, nikaikata katika sentensi zake, na mbele ya kila sentensi nikaandika kazi ambayo msikilizaji angeweza kuifanya ili aifikie sentensi hiyo mwenyewe. Sentensi isiyokubali kazi yoyote niliiacha. Historia ya namba za ngeli ilitoka yote. Mpango ukawa hivi:

Dakika 0–5: fumbo ubaoni.
Dakika 5–10: maelezo ya kanuni.
Dakika 10–21: kadi kumi na mbili, wawili wawili.
Dakika 21–24: pumziko la kuandika.
Dakika 24–31: maneno mawili yanayosumbua.
Dakika 31–36: Kiswahili cha nyumbani.
Dakika 36–40: karatasi ya kutokea.

Fumbo lilikuwa sentensi mbili tu. Niliziandika ubaoni bila kusema neno:

*Kiboko kimeanguka.*
*Kiboko ameanguka.*

Swali: katika kila sentensi, ni kitu gani kilichoanguka? Kila mtu aliandika jibu lake peke yake kwa dakika 2, kisha tukapiga kura kwa mikono. Neno ni moja na herufi zake ni zile zile. Lakini katika sentensi ya kwanza ni fimbo ya kuchapia iliyoanguka, na katika ya pili ni mnyama wa mtoni. Kinachotofautisha ni kitenzi tu. Sikutoa jibu hapo hapo. Nilitaka waingie katika maelezo wakiwa na hamu ya jibu.

Dakika 5 zilizofuata ndizo ekspoze yangu ya zamani, karibu neno kwa neno. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ekspoze fupi haipotei katika somo refu. Inakuwa kiini chake, na kazi zinakaa mbele yake na nyuma yake. Niliongeza mpaka mmoja: kanuni hii ni ya watu na wanyama, wala haihusu kila chenye uhai. Mti una uhai, lakini tunasema *mti umeanguka*.

Kisha zikaja kadi. Nilikata karatasi nikaandika maneno 12: *kiti, kisu, kitabu, kijana, kiongozi, kiboko, mti, mlima, nyumba, gari, simba, daktari*. Kila wawili walipata seti moja. Walizipanga mara mbili: kwanza kwa umbo la neno, halafu kwa kitenzi kinachofuata, wote wakitumia *-meanguka*. Mara ya kwanza *kijana* na *kiongozi* hulala pamoja na *kiti*. Mara ya pili huhama na kwenda kukaa na *simba* na *daktari*. Mwanafunzi anayesogeza kadi kwa mkono wake anaiona kanuni ikifanya kazi. *Kiboko* niliiweka kwa makusudi, kwa sababu haina mahali pamoja, na kila wawili walilazimika kuamua ni fimbo au ni mnyama.

Hapo palitokea ubishi ambao sikuutazamia. Wengine walisema *kijana* ni ngeli ya 7. Wengine walisema ni ngeli ya A-WA. Wote walikuwa sahihi. Namba hufuata kiambishi cha nomino. Majina kama A-WA na KI-VI hufuata upatanisho. Ni njia mbili za kuhesabu kitu kimoja, na sote tulikuwa tumesoma vitabu vya aina zote mbili bila kuambiwa tofauti. Ubishi huo ulikula dakika 2, lakini ulifafanua jambo ambalo kurasa zangu 11 hazikulifafanua.

Sasa niseme juu ya mapumziko, maana ndiyo yaliyonigharimu woga mkubwa. Mtu anayesimama mbele huona kimya kuwa ni aibu, akakijaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu huwa marefu zaidi na wanaojibu huongezeka. Kwa hiyo mapumziko yangu niliyaandika katika mpango pamoja na saa yake na kazi yangu mimi wakati huo. Baada ya kila swali: hesabu moyoni hadi kumi, tazama nyuma ya darasa, si safu ya mbele. Katika pumziko la dakika ya 21: weka chaki chini, ondoka ubaoni, nyamaza. Wakati huo kila mmoja aliandika kanuni kwa sentensi moja, kwa maneno yake, kisha akamsomea jirani. Nilipita nyuma yao nikisoma daftari. Watatu walikuwa wameandika «kila kilicho hai huchukua *a-*», nami nikajua kwamba ule mpaka wa mti haujaingia. Nikaurudia. Bila pumziko lile nisingeligundua kosa hilo.

Kazi za wawili wawili zinahitaji kujua wakati wa kuzikata. Nilijifunza kusikiliza kelele. Mwanzoni hupanda, kisha hushuka. Ukikata ikiwa bado inapanda, wengi hawajamaliza. Ukingoja inyamaze kabisa, waliomaliza mapema wameanza kuzungumza mambo mengine, na kuwarudisha ni kazi. Nilikata ilipoanza kushuka. Pia sikuunda vikundi vya watu sita. Mabenchi yetu hayahami, na kuhamisha watu kungechukua dakika 3 kila mara. Jirani wa benchi anatosha.

Maneno mawili yanayosumbua yalikuwa *rafiki* na *kitoto*. *Rafiki* hufuata kanuni katika kitenzi, lakini kimilikishi chake kinabaki katika ngeli yake ya zamani: *rafiki yangu amefika, rafiki zangu wamefika*. Ni sawa na *dada yangu* na *mama yangu*. *Kitoto* hutaja mtu, lakini ukimwita hivyo kwa kumdogosha, sarufi sanifu inakubali *kitoto kile kinalia*: udogo unashinda utu. Sikuyataja kuwa ni makosa ya lugha. Niliwapa sentensi, wao wakatafuta mahali ambapo kanuni yao imepasuka, na wakairekebisha.

Katika hatua ya nyumbani niliuliza: sentensi hizi unazisemaje kwenu? Mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa amefungua kinywa, alisema polepole: «Batoto banalala. Bitabu biko wapi.» Wengine wakacheka, naye akainama. Nikaziandika zote mbili ubaoni, nikahesabu hadi kumi. Kisha nikauliza: *ba-* iko mara ngapi? *Bi-* je? Upatanisho ulikuwa pale, kamili, nomino na kitenzi vikiitikiana. Na *ba-* ile ndiyo *ba-* ya *bantu* katika Ciluba na ya *bato* katika Lingala. Hakuna aliyecheka tena. Yule wa nyuma akanyanyua mkono mara mbili zaidi kabla ya mwisho.

Hatua hiyo nusura niipoteze, kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Kwa hiyo andika mapema kitakachokatwa. Katika mpango wangu kulikuwa na mstari huu: kama dakika ya 28 imefika na maneno yanayosumbua hayajaanza, Kiswahili cha nyumbani kiwe kazi ya kufanyia nyumbani. Sisi tulianza dakika ya 26, tukapona. Upande wa pili niliweka akiba ya kadi tatu, *kifaru, kipepeo, kivuli*, kama tungemaliza mapema. Usiikate kamwe karatasi ya kutokea. Ndiyo inayokuambia kama somo limefika.

Karatasi yangu ilikuwa na sentensi tatu za kukamilisha: *Viongozi …mefika. Vitabu …meanguka. Rafiki …angu …mefika.* Mbili za kwanza karibu wote walizipata. Ya tatu wengi waliandika *rafiki wangu*. Maana yake dakika 7 za maneno yanayosumbua hazikutosha. Nikirudia somo hili nitamwondoa *kitoto*, nimwachie *rafiki* dakika zote 7.

Asistanti alisoma karatasi hizo akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia. Aliuliza: «Na mara hii, wao walifanya nini?» Nilimwonyesha kadi. Pembe zake zilikuwa zimekwisha kukunjika.